Andiko la mradi lisilolingana: kutafuta chanzo cha kasoro kabla ya kukabidhi

Afisa maendeleo ya jamii wa kata akirudisha andiko la mradi, mara nyingi harudishi kwa sababu wazo ni baya. Anarudisha kwa sababu barua inaomba kiasi kimoja na jedwali linaonyesha kingine, au jina la kikundi kwenye jalada si lile la kwenye cheti. Hayo ni makosa ya usomaji wa mwisho, na yana tabia moja: unachokiona ni dalili tu, kosa lenyewe limekaa ukurasa mwingine. Ukisahihisha ulipoona, umefunika.

Tuchukue mfano mmoja tuutumie mpaka mwisho. Kikundi cha wanawake cha Mvumi, wilayani Chamwino, kinaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanataka kununua mashine ya kukamua alizeti. Kikundi ni cha kutunga na bei ni za mfano, lakini kasoro zake ni zile zinazojirudia katika maandiko mengi.

Kabla ya kushika kalamu, panga utaratibu: namba kwanza, kisha majina, kisha vichwa vya habari, kisha urefu, na mwonekano uwe wa mwisho kabisa. Sababu ni kwamba kila hatua huvuruga zinazofuata. Ukirekebisha bajeti, jedwali linaweza kuongezeka mstari. Mstari ukiongezeka, kurasa zinasogea. Kurasa zikisogea, orodha ya yaliyomo inadanganya. Anayeanza kwa kupamba jalada atalipamba tena.

Dalili: barua inaomba kiasi kimoja, jedwali linasema kingine

Hili ndilo jedwali la gharama la kikundi chetu:

| Mahitaji | Idadi | Bei (sh.) | Jumla (sh.) |
|---|---|---|---|
| Mashine ya kukamua | 1 | 8,500,000 | 8,500,000 |
| Mota | 1 | 1,800,000 | 1,800,000 |
| Kuunganisha umeme | – | 950,000 | 950,000 |
| Alizeti, gunia | 120 | 60,000 | 7,200,000 |
| Madumu | 300 | 1,500 | 450,000 |
| Kodi ya pango, miezi | 6 | 100,000 | 600,000 |
| Jumla | | | 19,500,000 |

Kwenye barua ya maombi, gharama za mradi ni 18,900,000. Tofauti ni 600,000. Mtu mwenye haraka atabadilisha barua isomeke 19,500,000 na kuendelea na shughuli zake. Subiri kwanza. Hiyo 600,000 imetoka wapi?

Jicho linakimbilia kodi ya pango, maana nayo ni 600,000 kamili. Unajiambia kwamba barua iliandikwa kabla pango halijaingizwa, basi yamekwisha. Lakini fungua sehemu ya maelezo ya bajeti, na utakuta pango limetajwa tangu mwanzo. Mshukiwa huyo si yeye. Sasa tazama alizeti: gunia 120 zikizidishwa kwa tofauti ya bei ya 5,000 zinatoa 600,000 pia. Rudi kwenye sehemu ya soko, na hapo imeandikwa kwamba kikundi kitanunua alizeti kwa 55,000 kwa gunia. Huyu ndiye. Bei ilibadilishwa kwenye jedwali tu, na andiko zima lililobaki bado linaishi kwenye bei ya zamani.

Kwa nini ni muhimu kumjua mwenye kosa? Kwa sababu dawa ni tofauti. Kama lingekuwa pango, ungekuwa na namba moja ya kurekebisha. Kwa kuwa ni bei ya gunia, kila namba iliyozaliwa na bei hiyo imeoza. Kikundi kinachangia 1,500,000 ya kwake, kwa hiyo mkopo unaoombwa ulikuwa 17,400,000, na sasa ni 18,000,000. Mkopo hauna riba, na wamepanga kuulipa kwa miezi 20. Rejesho la mwezi lilikuwa 870,000, sasa ni 900,000. Namba hizo ziko kwenye muhtasari, kwenye jedwali la marejesho na kwenye muhtasari wa kikao ambao wanachama wameshasaini. Huo wa kikao hauwezi kubadilishwa kwa kompyuta: inabidi wakae tena, wakubaliane kiasi kipya, wasaini upya. Bora kugundua leo kuliko dirishani.

Na si kila namba lazima iguswe. Andiko linasema mchango wa kikundi ni kama asilimia 8 ya gharama. Kwa hesabu ya zamani ni 7.9, kwa mpya ni 7.7, zote zikikadiriwa zinakuwa 8. Iache.

Kuitafuta namba ya zamani kwenye andiko kuna mitego yake. Ukibonyeza `Ctrl+F` na kuandika 18,900,000, utapata mahali ilipoandikwa hivyo tu. Hutaipata ilipoandikwa "milioni 18.9", wala "18900000" bila mikato, wala "milioni kumi na nane na laki tisa" kwa maneno. Hiyo ya maneno ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nayo hukaa mahali pabaya, yaani kwenye barua, mbele ya sahihi ya mwenyekiti. Tafuta kila umbo peke yake. Tafuta pia neno "milioni" na neno "laki", usome kila linapojitokeza.

Usitumie kubadilisha zote kwa mkupuo. Mtu anayeiambia kompyuta igeuze 55,000 yote kuwa 60,000 atashangaa nauli ya 155,000 imekuwa 160,000, kwa sababu 55,000 imo ndani yake. Kompyuta haijakosea, imefanya ilichoambiwa. Badilisha moja moja ukiwa unatazama.

Dalili: jumla haitoki, na hujui mstari upi una kosa

Safari hii barua na jedwali vinakubaliana, ila wewe ukijumlisha kwa kalkuleta unapata namba nyingine. Chukua tofauti ya majibu mawili, kisha uigawanye kwa 9.

Ikigawanyika bila baki, kuna uwezekano mkubwa wa mambo mawili. La kwanza ni tarakimu mbili jirani zimebadilishana nafasi: mashine ya 8,500,000 imeandikwa 5,800,000. Tofauti yake ni 2,700,000, nayo ni 9 mara 300,000. La pili ni sifuri iliyodondoka au kuongezeka: umeme wa 950,000 umeandikwa 95,000. Tofauti ni 855,000, ambayo ni 9 mara 95,000. Unazitofautishaje? Jibu la kugawanya lenyewe linakwambia. Kama unaliona likiwa limekaa kwenye jedwali, kama hiyo 95,000, au limekaa likiwa na sifuri moja zaidi, ni sifuri. Kama halipo popote kwa umbo lolote kati ya hayo, tafuta tarakimu zilizopishana.

Njia hii ina mipaka. Makosa mawili kwenye jedwali moja huivuruga, na tofauti inaweza kugawanyika kwa 9 kwa bahati tu. Ile 600,000 yetu ya mwanzo haigawanyiki kwa 9, ndiyo maana hatukuhangaika kutafuta tarakimu zilizopinduka. Tofauti isipogawanyika, angalia kama inalingana na mstari mzima ulioachwa au uliohesabiwa mara mbili, kisha angalia idadi mara bei katika kila mstari.

Kuna hali nyingine ambapo aliyekosea ni aliyechapa, ila Excel ndiyo inayolaumiwa. Sisi tumezoea kuandika fedha hivi: 1,800,000/=. Ukiweka mkia huo ndani ya kisanduku cha Excel, kisanduku kinageuka kuwa maandishi, na `SUM` hukiruka bila kusema neno. Mota ikiandikwa hivyo, jumla inasoma 17,700,000 na hakuna alama yoyote ya hatari. Dalili ya macho ni kwamba namba halali hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maandishi hukaa kushoto, ila kama mtu ameshapanga safu zote katikati dalili hiyo imefutika. Basi uliza kwa fomula:

```
=COUNT(D2:D7)
=COUNTA(D2:D7)
```

Ya kwanza inahesabu namba tu, ya pili inahesabu kila kisanduku chenye kitu. Zikitoa 6 na 6, uko salama. Zikitoa 5 na 6, kuna kimoja kimejificha. Futa "/=" na uandike "sh." kwenye kichwa cha safu.

Jedwali lililotengenezwa ndani ya Word lina ugonjwa wake. Fomula ya `=SUM(ABOVE)` haijihesabu upya unapobadilisha namba. Mpaka uibonyeze na kupiga `F9`. Na ikiwa kichwa cha safu ni mwaka, mathalani 2025, fomula hiyo inaweza kuujumlisha mwaka pamoja na fedha. Ukiona jumla yenye mkia wa ajabu kama 19,502,025, usitafute risiti. Ni mwaka.

Namba za uzalishaji nazo zipitiwe, lakini kwa jicho la vipimo. Gunia 120 za kilo 65 ni kilo 7,800. Kikundi kimekadiria robo yake itatoka mafuta, yaani kilo 1,950. Kisha kwenye mapato imeandikwa "lita 1,950". Mafuta ya alizeti ni mepesi kuliko maji, lita moja ina takribani kilo 0.92, kwa hiyo kilo hizo ni kama lita 2,120. Kosa hili linawanyima wenyewe mapato, lakini msomaji makini atakachoona ni watu wasiotofautisha kilo na lita.

Usomaji wa namba ufanywe na watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti kutoka andiko lililochapwa, mwingine anafuata kwenye ankara za mafundi na wauzaji.

"Mota, milioni moja na laki nane."

"Hapa kwa fundi ni milioni moja na laki sita, mama mwenyekiti. Mbili ni za kuifunga."

"Basi kuifunga kuandikwe kwenye mstari wake. Wasije wakasema tumeongeza."

Mtu mmoja akisoma peke yake andiko aliloliandika mwenyewe, anasoma alichokusudia, si kilichopo. Na asomaye aseme namba nzima. Akisema "moja nane" mwenzake hatajua kama sifuri ni tano au nne.

Jambo la mwisho kwenye namba ni robo za mwaka. Ratiba ikisema "mashine itanunuliwa robo ya kwanza", halmashauri inaelewa Julai mpaka Septemba, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mwandishi labda alimaanisha Januari mpaka Machi. Kwa alizeti tofauti hiyo si ndogo: kanda hii mavuno hutoka mvua zikishakatika, mwezi wa 5 na wa 6, na Januari ghalani hakuna kitu cha bei nafuu. Andika majina ya miezi.

Dalili: jina moja lina sura tatu

Kwenye jalada kikundi kinaitwa tuseme "Upendo Mvumi", kwenye cheti cha usajili "Kikundi cha Wanawake Upendo", na benki akaunti imefunguliwa kwa "Upendo Group". Kila mwanakikundi anajua ni kitu kimoja. Anayeidhinisha fedha hajui, na hawezi kuzituma kwenye akaunti ambayo jina lake halifanani na la mwombaji.

Chanzo kwa kawaida ni kwamba andiko liliandikwa kwa kukumbuka. Dawa yake ni kuchagua hati moja kuwa nakala mama ya kila aina ya jina, na kuiweka mezani: cheti kwa jina la kikundi, kitambulisho cha Taifa kwa majina ya watu. Andika jina kama lilivyo kwenye hati hiyo, hata kama unaona herufi ingekuwa nzuri zaidi vingine. Jina la benki likiwa tofauti na la cheti, hilo si kosa la kuchapa na halitatibiwa kwenye kompyuta. Nendeni benki.

Majina ya watu yana kasoro za kienyeji ambazo aliyekulia huku anazijua. R na l hubadilishana viti, hivyo Rehema kwenye orodha ya mahudhurio ni Lehema, kwa kuwa katibu aliandika alivyosikia. Kuna walioandika "Mama Joyce" kwa sababu ndivyo anavyoitwa mtaani, na cheo chake kwenye kikundi kikaandikwa hapo hapo. Na kuna mpangilio: sehemu moja jina la babu limetangulia, nyingine la mwenyewe. Ukipata majina mawili kwenye kitambulisho na matatu kwenye andiko, fuata kitambulisho.

Hesabu vichwa pia. Maelezo yanasema wanachama 12, orodha ina 11, sahihi ni 10. Usidhani ni uzembe wa kuhesabu. Mara nyingi mmoja alijitoa baada ya ukurasa wa kwanza kuandikwa, na mwingine hakuwepo siku ya kusaini. Uliza nani, kwa jina, kabla ya kubadilisha tarakimu.

Majina ya mahali na ofisi huchakaa. Andiko lililonakiliwa kutoka faili la zamani bado linaweza kusema "Manispaa ya Dodoma", wakati Dodoma ni jiji tangu Aprili 26, 2018, na anayeandikiwa ni Mkurugenzi wa Jiji. Wengine bado wanaandika "Dodoma Vijijini" wakimaanisha Chamwino au Bahi. Kondoa ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Ukiandika "Halmashauri ya Kondoa" umewaachia wao wakisie. Kwa Mvumi, hakikisha kama unataja kijiji, kata au tarafa, maana Mvumi ni zaidi ya moja. Muhuri wa mtendaji uliopigwa kwenye barua ya utambulisho ndio utakaokwambia kata yako imeandikwaje.

Jina hatari kuliko yote ni la watu wengine kabisa. Andiko limeazimwa kutoka kikundi cha mizabibu cha jirani, likabadilishwa, na ukurasa wa 6 kumebaki sentensi moja inayosema kikundi kitauza zabibu. Tafuta kwa `Ctrl+F` jina la kikundi cha zamani, zao la zamani na kijiji cha zamani. Angalia na kichwa kidogo cha juu ya kila ukurasa, ambako macho hayafiki kwa mazoea.

Dalili: yaliyomo yanasema ukurasa wa 7, sehemu iko ukurasa wa 9

Kama orodha ya yaliyomo ilichapwa kwa mkono, kwa nukta nyingi na namba pembeni, hakuna dawa ya kudumu; kila mguso utaivunja. Kama ni ya Word yenyewe, haijisasishi ovyo. Bonyeza ndani yake, piga `F9`, uchague `Update entire table`. Ukichagua ile ya namba za kurasa tu, vichwa ulivyobadilisha maneno vitabaki na maneno ya zamani.

Baada ya kusasisha, soma orodha hiyo peke yake kana kwamba ndiyo andiko. Hapo magonjwa hujitokeza. Kichwa kisichoonekana kwenye orodha ni kile kilichokolezwa wino tu bila kupewa mtindo wa `Heading`. Kwa macho kinafanana na wenzake, kwa kompyuta ni sentensi ya kawaida. Mstari mtupu wenye namba ya ukurasa ni `Heading` isiyo na maneno. Sentensi nzima ndefu ndani ya orodha ni aya iliyoshika mtindo wa kichwa kwa bahati mbaya. Na ukiona `Error! Bookmark not defined.` badala ya namba, orodha inaelekeza kwenye kichwa kilichofutwa. Isasishe upya yote kabla ya kuchapa, maana maneno hayo yatatoka kwenye karatasi yalivyo.

Namba zikiruka kutoka 3.2 kwenda 3.4, usikimbilie kubadilisha 3.4 iwe 3.3. Jiulize 3.3 ilikwenda wapi. Weka mwongozo wa halmashauri pembeni, ulinganishe kichwa kwa kichwa, kwa mpangilio wao na maneno yao. Wakisema "Changamoto na namna ya kuzikabili", usiandike "Vihatarishi" kwa kuwa unalipenda zaidi. Mtu anayepitia maandiko kadhaa kwa siku hutafuta maneno aliyoyazoea, na asipoyaona anaandika "haipo".

Dalili: nyumbani kurasa 10, steshenari kurasa 11

Mwongozo ukisema kurasa zisizidi 10, ukurasa mmoja wa ziada unaweza kukugharimu. Na huu hauletwi na maneno. Unaletwa na vitu viwili.

Cha kwanza ni karatasi. Faili lililoanzishwa kwa mipangilio ya Kimarekani limekaa kwenye `Letter`, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Karatasi yetu ni A4, 210 kwa 297. Letter ni pana kidogo lakini fupi zaidi, kwa hiyo andiko lililojaza kurasa 10 za A4 likifunguliwa na kupangwa kwa Letter linamwagika kwenye ya 11. Angalia `Layout`, kisha `Size`, iwe `A4`, na kama andiko lina sehemu nyingi, angalia kila sehemu, kwa sababu jedwali lililolazwa ubavu mara nyingi lina mipangilio yake.

Cha pili ni fonti. Kompyuta ya steshenari ikikosa fonti uliyotumia, inaweka nyingine bila kukuuliza, na nyingine hiyo ikiwa pana, mistari inakatika mapema. Kwa hili, geuza faili kuwa PDF ukiwa bado kwenye kompyuta uliyoandikia, na upeleke PDF. Ukilituma kwa WhatsApp, litume kama dokumenti. Wanaopiga picha za skrini na kumpelekea fundi wa steshenari wanajitafutia taabu.

Kama kurasa ni 11 kweli, popote litakapofunguliwa, punguza maneno. Usipunguze herufi kutoka 12 kwenda 10 ukidhani hawataona. Anza na sehemu ya utangulizi, ambayo karibu kila mara ina aya mbili kuhusu umuhimu wa kilimo kwa taifa. Hakuna aliyeomba kuzijua. Kisha uliza kama viambatisho vinahesabiwa. Kama havihesabiwi, ankara na jedwali refu la marejesho viende huko.

Ukurasa wa mwisho ukiwa mtupu kabisa, angalia kama andiko linaishia na jedwali. Word huweka lazima aya moja tupu baada ya jedwali, na aya hiyo ikikosa nafasi inajifungulia ukurasa wake. Haifutiki. Iweke ukubwa wa herufi 1, itarudi juu.

Dalili: linaonekana limeandikwa na watu watano

Hapa tusikae sana. Aya zilizonakiliwa kutoka kwingine hubeba fonti na nafasi zao. Zichague zote za maelezo, uzipe fonti moja, ukubwa mmoja, nafasi moja ya mistari, kama mwongozo unavyotaka. Nafasi mbili kati ya maneno zinatafutika kwa `Ctrl+F`. Namba za kurasa zianze baada ya jalada. Mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili ni kompyuta inayodhani unaandika Kiingereza kibaya. Ukiizoea utapuuza na makosa ya kweli, kwa hiyo yasome maneno kwa macho, polepole, kwenye karatasi. Toa nakala moja ya majaribio kabla ya nakala zote. Rangi ya jedwali iliyopendeza kwenye skrini inaweza kugeuka weusi kwenye printa ya steshenari na kufunika namba ndani yake.

Dalili: kosa limeonekana baada ya sahihi na muhuri

Usitumie wino mweupe wa kufutia, hata kwa herufi moja. Kwenye karatasi yenye fedha, doa jeupe linasomeka kama udanganyifu. Kwanza pima kosa limekaa wapi. Likiwa kwenye ukurasa usio na sahihi wala muhuri, na halihusu kiasi, jina wala tarehe, chapa ukurasa huo upya, kisha hakikisha mstari wake wa mwisho bado unaungana na wa kwanza wa ukurasa unaofuata. Ubadilishe kwenye nakala zote, pamoja na ile inayobaki kwa katibu, na kwenye PDF iliyopandishwa mtandaoni kama ipo.

Likigusa kiasi, jina la mtu au la kikundi, au likiwa kwenye ukurasa uliosainiwa, usibadilishe ukurasa mmoja kimya kimya. Waliosaini walisaini namba ya zamani. Chapa upya, waite waliosaini, wasaini tena, kisha urudi kwa mtendaji kwa muhuri mpya ukiwa umeshika nakala ya zamani mkononi, umwonyeshe kilichobadilika. Nakala ya zamani ikunjwe, iandikwe "imefutwa" kwa kalamu kila ukurasa, ikae kwenye faili la kikundi.